Ua la Boga na Herufi G

Mimi sichori ua ambalo halipo mbele yangu. Ni ukaidi wangu tangu chuo cha ualimu, na rafiki yangu alinicheka kwa ajili yake miaka yote. Yeye angeweza kuchora ua la kitabuni akiwa anapika maharage. Mimi lazima nilichume, nilipasue katikati kwa wembe, nihesabu petali kwa kidole, ndipo nishike kalamu. Tulikaa chumba kimoja chuoni, tukaajiriwa mwaka mmoja kufundisha Sayansi shule za msingi, yeye Izigo huko Muleba, mimi Kahororo hapa Bukoba. Ndiye aliyenishikia gauni siku ya harusi yangu, na mimi ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba siongelei mtu wa kupita.

Kila Krismasi alikuwa akiniletea boga kutoka kibanja chao, shamba la migomba la nyumbani kwao. Mjini mnanunua kila kitu, alikuwa akisema, walau boga ule la bure. La mwaka mmoja nililipika na karanga, na matumbo yake pamoja na mbegu nikayamwaga nyuma ya jiko kwenye takataka. Mvua za Bukoba hazihitaji kubembelezwa. Haukupita muda mrefu, mashina ya maboga yakatambaa mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Mwaka uliofuata yakaja mashindano ya Sayansi ya shule nne. Mzaliwa mmoja wa huku anayeishi mbali alikuwa ametoa hadubini moja, mpya, ndani ya sanduku la mbao, na shule itakayoshinda ndiyo itakayoichukua. Shuleni kwangu nilikuwa nafundisha chavua kwa maneno matupu. Nawaambia watoto kwamba ule unga wa njano ni chembechembe, kila moja na umbo lake, nao wananitazama kwa heshima kama watu wanaosikiliza habari za Ulaya. Niliitaka hadubini ile kuliko nilivyowahi kutaka godoro jipya. Niliwaahidi watoto wangu kwamba wakisoma tutaipata, na hiyo ndiyo ahadi iliyokuja kuniumiza.

Walimu waligawana sehemu za maswali. Ya maua na mbegu tulipewa mimi na rafiki yangu, kwa sababu wengine walikiri hawajui kuchora. Ndiyo, shule zetu wenyewe zilikuwa zinashindana. Mwenyekiti wa mashindano, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya chini, alituuliza kama tunaaminika. Tulicheka wote wawili. Rafiki yangu akajibu, "Waitu, mzee wetu, sisi tumelala kitanda kimoja chuoni kwa kukosa godoro. Tutaanzaje kudanganyana leo?"

Tulikutana kwangu, tukachora haibiskasi kwenye karatasi ya manila. Ua zuri kwa somo, kwa sababu lina kila kitu na kila kitu kinaonekana. Tulilipasua katikati, tukachora nusu yake, tukatoa mistari yenye herufi nane. A ilikuwa petali. B ilielekea kwenye chavulio, kile kifuko cha chavua, na C kwenye filamenti inayokibeba. D ilikuwa stigma, pale juu panaponata. E ni staili, shingo inayoshuka kutoka kwenye stigma. F ni ovari chini kabisa, G ni ovuli ndani ya ovari, na H ni sepali za kijani zilizolishika ua kwa nje. Yeye aliandika majibu, mimi nikapaka rangi. Tukaongeza maswali ya mbegu: kishonanguo husafirije, kunde zikikauka hufanya nini, na nani hubeba mbegu ya mpera. Tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayedokezwa, hata kwa kukonyeza jicho. Watoto wangu waliponiuliza ni ua gani litakuja, niliwafukuza ofisini.

Jioni ya kuamkia mashindano mvua ilinyesha, bati la ofisi likavuja juu ya meza yangu. Mchoro wote wa haibiskasi ukawa uji mwekundu. Nilitoka kwenda kuchuma ua jingine kwenye uzio wa shule, nikakuta mlinzi ameupunguza uzio mpaka umebaki vijiti. Mtu mwingine angechora kwa kumbukumbu. Nimeshasema mimi ni nani.

Alfajiri nikaenda nyuma ya jiko kuchukua kitambaa, nikayaona maua ya maboga yamefunguka, nyuki wameshafika. Ua la boga hufunguka asubuhi, na jua likipanda linajifunga. Yapo ya kiume na ya kike kwenye shina moja. La kike unalijua bila kulifungua, kwa sababu chini ya petali kuna kiboga kidogo cha kijani, na hicho ndicho ovari yenyewe. Nikachuma moja, nikalipasua, nikachora. Herufi zilikuwa sita tu. A ni petali za njano zilizoungana. B ni stigma nene yenye mapande matatu. C ni staili, fupi. D ni ovari, chini ya petali. E ni ovuli zilizojipanga ndani, na F ni sepali. Chini yake nikaandika maswali mawili. La kwanza: ua hili halina chavulio, je, chavua itatoka wapi na italetwa na nani? La pili: baada ya chavua kutua kwenye stigma, nini hutokea mpaka mbegu ipatikane?

Nilimpigia rafiki yangu nimweleze. Simu haikupatikana, alikuwa njiani na watoto kwenye Kosta. Alipofika ukumbini tulikuwa tumechelewa, watoto wameshaketi, manila imeshabandikwa ukutani. Nilimnong'oneza, "Nimebadilisha ua, ile ililowa." Aliitazama ile manila muda mrefu. Nilidhani anashangaa nilivyochora vizuri.

Tulisahihisha pamoja kwenye chumba cha pembeni, na mwenyekiti ameketi nasi. Karatasi za watoto wangu zilinipa raha ambayo nikiikumbuka bado naona haya kidogo. Waliandika kwamba chavua itatoka kwenye ua la kiume na kuletwa na nyuki. Waliandika kwamba chembe ya chavua huota mrija unaoshuka ndani ya staili mpaka kwenye ovari, ukaingia kwenye ovuli, na hapo ndipo gameti ya kiume huungana na yai. Huo ndio urutubishaji, si kule kutua juu ya stigma, kosa ambalo nimelipigia kelele mpaka koo likanikauka. Ovuli hugeuka mbegu, ovari hugeuka boga.

Kisha nikachukua karatasi ya Izigo. A, petali. B, chavulio. C, filamenti. D, stigma. Nikajisemea, mtoto amekosea. Nikaendelea. E, staili. F, ovari. G, ovuli. H, sepali.

Kwenye manila hakukuwa na G. Hakukuwa na H. Nikachukua karatasi ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa na herufi nane, zimepangwa kama tulivyozipanga mezani kwangu huku tunakunywa chai yangu. Nilimtazama rafiki yangu, nikamsogezea zile karatasi. Kama angesema tu "Nisamehe, mae," kama tulivyozoea kuitana, sijui ningefanya nini. Nadhani ningemfichia.

Hakunitazama. Aligeuka kwa mwenyekiti, na akasema kwa sauti yake ya darasani, "Mzee, kuna jambo. Mwenzangu amebadilisha swali alfajiri bila kunishirikisha. Amechora ua la boga, na maboga yamejaa nyumbani kwake. Watoto wake wamepata yote. Mimi sitaki kumsema mtu, lakini liangalie."

Kwa nini alivujisha maswali nilikuwa nimeanza kuelewa. Shule yake haina hata hadubini ya kuchezea, na mwalimu anaweza kushikwa na tamaa kwa ajili ya watoto. Lakini hili lilikuwa kunitosa mchana kweupe, mbele ya mzee aliyetuamini kwa sababu ya utani wake yeye. Nilisema, "Mzee, muulize mtoto yeyote wa Izigo G iko wapi."

Akaitwa msichana mmoja, mrefu, soksi zake zimejaa vishonanguo. Mwenyekiti akamsimamisha mbele ya manila.

"Mwanangu, nionyeshe G."

Msichana alitafuta. Alifuata kila mstari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa kusikitisha. Kisha akageuka, hakumtazama mwenyekiti, alimtazama mwalimu wake.

"Haipo, shikamoo," alisema, kwa jinsi alivyochanganyikiwa.

"Uliandikaje kitu kisichokuwepo?"

"Mwalimu alituchorea. Alisema tushike herufi, tusihangaike na picha."

Rafiki yangu aliangalia dirishani. Mwenyekiti akakunja karatasi zote, za Izigo na zangu. Alisema waandaaji wawili wametuhumiana, hivyo sehemu ya maua inafutwa kwa shule zote, na yaishie humo chumbani. Bila sehemu hiyo, hadubini ilikwenda kwa shule nyingine ya mjini. Watoto wangu waliokuwa wamepata kila kitu bila kudokezwa hata kwa jicho, walinifuata nje wakiuliza walikosea wapi. Niliwaambia hawakukosea. Hawakuniamini.

Kabla ya Kosta kuondoka yule msichana alinijia. Alikuwa amelia. Akauliza, "Mwalimu, kwenye hilo la boga, ovuli ziko wapi?" Lile ua nililopasua alfajiri lilikuwa bado mkobani, limenyauka. Nikamfungulia ile ovari, nikamwonyesha vile vipunje vyeupe vilivyopangana. Alivigusa kwa ukucha. "Kumbe zinaonekana," akasema. Rafiki yangu alimwita kutoka mlangoni mwa gari, mara moja tu, na mimi hakuniita.

Hajanipigia tangu siku hiyo, nami sijampigia. Watu wa kanisani wamejaribu kutukalisha. Mtoto wa ubatizo hunitumia salamu, nazijibu. Lakini usiku nikikumbuka ile sauti ya darasani, "sitaki kumsema mtu," bado naumia upya, kama imesemwa jana.

Lile shina nyuma ya jiko lilizaa. Nilichelewa kukumbuka lilikotoka. Ni boga lake, la Krismasi, mbegu nilizozisambaza mimi mwenyewe kwa mkono wangu bila kujua, na ua lililomuumbua lilikuwa la kibanja chake. Krismasi iliyofuata hakuja mtu na boga. Nikachuma la kwangu, nikalipasua, nikatoa mbegu zote, nikaziosha na kuzianika. Miaka yote nilizimwaga nyuma ya jiko. Safari hii nilizikaanga na chumvi, nikaketi kizingitini, nikazila moja moja mpaka zikaisha.