Friji ya Mama na Miezi Mitatu Iliyobaki

Mama alipofika kwangu akikimbia vita vya Djugu, alikuwa na godoro moja, jembe lisilo na mpini na dola themanini za mbuzi wawili aliowauza njiani kwa bei ya hasara. Kwao ni upande wa Bule, ambako maisha yake yote alilima maharage na viazi. Mimi naishi mtaa wa Lumumba hapa mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, nashona nguo barazani, na kiwanja changu hakina hata nafasi ya kupanda muhogo wa sombe, ile mboga ya majani yake. Jembe nililisimamisha nyuma ya mlango. Mama akabaki kukaa kwenye kiti, akinitazama nikishona na kuniuliza kila mara kama hakuna kitu cha kuosha. Aliosha hata vyombo visafi. Hilo lilinikera, na liliniumiza pia, maana nilijua anachotafuta ni sababu ya kula chakula changu bila aibu.

Mwanamke mmoja wa kanisani ndiye aliyemfundisha kutengeneza tangawisi, ile juisi ya tangawizi yenye ndimu na sukari. Mama aliipika vizuri kuliko mwalimu wake. Lakini tangawisi ya moto hainunuliwi na mtu. Alikuwa akiweka chupa zake katika friji ya jirani kwa malipo kidogo, na watoto wa jirani wakinywa kabla ya wateja. Siku moja akaniambia anataka friji yake mwenyewe.

Tulikwenda wote wawili kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza vyombo vya umeme. Friji aliyoipenda ilikuwa fupi, nyeupe, yenye sehemu ya barafu juu. Kwa pesa taslimu ilikuwa dola mia tatu na ishirini. Kwa malipo ya kidogo kidogo, unatanguliza themanini, unaibeba siku hiyohiyo, halafu unalipa thelathini na tano kila mwezi kwa miezi kumi. Mimi nina tabia mbaya ya kupima kila kitu kana kwamba ni kitambaa. Nilijumlisha tukiwa bado dukani: mia nne na thelathini, yaani mia moja na kumi juu ya bei ya taslimu.

"Mama, kwa cash iko trois cent vingt. Kwa deni itafika quatre cent trente. Ile cent dix ya juu ni ya nini?"

"Ni ya kutongoja," akasema.

Nilimsomea na karatasi ya mkataba, kwa sauti, ili mfanyabiashara naye asikie. Ilisema friji ni mali ya duka mpaka malipo ya mwisho. Ukikosa miezi miwili mfululizo, duka linakuja kuichukua, na pesa uliyokwisha kulipa inahesabiwa kuwa kodi ya kuitumia. Mfanyabiashara aliitikia kwa kichwa. Hakuficha kitu, hilo siwezi kumsingizia.

Nilikuwa na njia yangu. Sisi wanawake kumi wa mtaa tulikuwa tunaanza likelemba: kila mwezi kila mmoja anatoa dola thelathini na mbili, na zote anapewa mmoja, kwa zamu. Zamu moja ilikuwa bei kamili ya friji, bila nyongeza wala karatasi ya kutisha. Nikamwomba mama angoje zamu yangu. Siku tulipovuta vikaratasi vya zamu, mimi nilivuta ya kumi.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Mungu mwenyewe anakuambia! Miezi kumi nikae namna hii, nakuangalia kama mugonjwa? Weye hesabu ile bachupa nitauzisha ndani ya miezi kumi, kiisha uniambie nani anapoteza."

Akazitoa dola zake themanini, na jioni hiyo friji ikaingia nyumbani. Mimi nilibaki katika likelemba. Nilijiambia zamu yangu ikifika nitanunua cherehani nyingine, na kama mama amekwama, nitakuwa na kitu cha kumkwamulia. Kwa hiyo chini ya paa moja palikuwa na mtu wa deni na mtu wa akiba, na tulitaniana karibu kila siku.

Lazima niseme ukweli: alikuwa ananishinda. Wanafunzi walipotoka shule walipita kwake. Umeme ulipokatika alifunika friji kwa mablanketi mawili na kumkataza kila mtu kuifungua, hata mimi. Miezi ya mvua, wakati hakuna anayetaka kitu cha baridi, aliwawekea majirani samaki wao wa ziwani, nao wakamlipa. Kila mwisho wa mwezi alivaa kitenge chake kizuri akaenda dukani na thelathini na tano zake. Alirudi akitembea kwa madaha. Vyombo visafi aliacha kuviosha. Alianza kunigombeza kama zamani, na mimi nilifurahi kugombezwa.

Alipolipa mwezi wa saba nilimchokoza. Nikamwambia sasa ametoa mia tatu na ishirini na tano, kwa hiyo amekwisha kupita bei ya taslimu, na bado friji si yake.

"Na ile nilikula miezi yote hii ilitoka wapi?" akanijibu. "Si ni hii hii frigo ilinilisha? Akiba yako inakulisha?"

Katika hesabu yangu sikuwa nimeweka mapato ya ile miezi ya kungoja.

Mwezi wa nane mdogo wake mama, mwanaume wa pekee aliyebaki katika tumbo lao, alifia hospitali hapa mjini. Alikuwa ameletwa kutoka kambi ya wakimbizi, amechelewa sana. Na kama kawaida ya kwetu, mwili haukuweza kutoka mpaka deni la matibabu lilipwe. Ndugu zetu wengi ni watu waliokimbia kama mama. Walikuja na machozi, na kuni, na mikono mitupu.

Wanawake wa likelemba walikuja siku ya pili. Kwetu, mwanachama akifiwa zamu yake huletwa mbele, na mwenye zamu hiyo humpisha. Kiongozi wao alipiga magoti, akaweka bahasha juu ya mkeka mbele yangu. Dola mia tatu na ishirini. Nililia, na nikiwa nalia nilikuwa nahesabu, sitaki kudanganya. Miezi mitatu ya friji ni mia moja na tano. Ningeitoa hiyo tu, friji ingekuwa ya mama milele, na iliyobaki ingeenda hospitali, halafu tungekopa sanduku.

Nilimvuta mama pembeni nikamwambia hivyo. Alinitazama kana kwamba hanijui.

"Hii pesa batu balileta juu ya kilio. Baliitoa kwa mikono ya kilio. Unataka nilipe nayo frigo, ndugu yangu iko analala kule ndani ya baridi?"

"Mama, ni zamu yangu. Ni pesa yangu mwenyewe."

"Ingekuwa yako kama ingekuja mwezi wake. Imekuja leo. Leo ni ya ule mufu."

Hospitali, sanduku, gari la kubeba mwili, mchele wa watu waliolala kiwanjani. Bahasha haikubaki na kitu. Tangawisi yote iliyokuwa ndani ya friji mama aliwamiminia waombolezaji bure, chupa baada ya chupa. Kisha akakaa chini kwenye mkeka na kukataa kuuza. Katika familia yao, aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja hashiki biashara mpaka kilio kiondolewe, na kilio kisingeweza kuondolewa kabla ya jamaa wa mbali kupata njia ya kufika. Barabara ilikuwa mbaya. Tulingoja zaidi ya mwezi. Friji ilisimama imefungwa, haina kitu, inanguruma.

Huwa naulizwa kwa nini sikulipa mimi. Nilikuwa nimekula zamu ya likelemba kabla ya mwezi wake, kwa hiyo bado nilidaiwa michango miwili. Mwisho wa mwezi nilikuwa na pesa ya kulipa mahali pamoja tu. Mfanyabiashara alikuwa na friji ya kushika. Wale wanawake walikuwa na neno langu tu. Nikawalipa wanawake, na ningefanya hivyo tena leo.

Miezi miwili ilipita bila malipo. Mfanyabiashara alitupa wiki moja zaidi, kisha akaja na vijana wawili na mkokoteni. Alivua kofia mlangoni, akatupa pole ya msiba, akaweka na kitu kidogo katika kikapu cha kilio. Ningependa kumchukia, lakini hata hilo alininyima. Nikabaki na hasira isiyo na mtu wa kumpiga.

"Tumelipa trois cent vingt-cinq, papa," nikamwambia. "Imepita bei yake!"

"Ile ni bei ya cash, mama. Siye tulipatana location, ni kodi ya kuitumia. Miezi tisa mulikuwa nayo ku nyumba, mulifanya nayo kazi. Ni vile karatasi inasema."

Mama alichomoa waya mwenyewe. Akaipangusa friji ndani na nje kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Vijana walisimama wakamngoja. Alipomaliza aliwaambia wasiilaze ubavu, inaharibu mashine. Jioni nilimkuta anaosha sahani nilizokuwa nimekwisha kuziosha, na nikashindwa kumkataza.

Siku zile nilikuwa nikiwaza sana juu ya hesabu zetu mbili. Mimi nilijua hatari ya deni, kwamba mwenye mali atakuja kuichukua, na nikadhani akiba haina mwenyewe wa kuja kuidai. Kumbe inaye. Akiba yangu ilipitia mlango uleule ambao friji ilipitia, mapema kidogo tu.

Baada ya kilio kuondolewa tulikwenda sokoni, na njia ikatupitisha mbele ya lile duka. Friji ya mama ilikuwa nje, kwenye ngazi, imebandikwa bei mpya, ya kitu kilichotumika. Mwanamke kijana alikuwa mbele yake anahesabu pesa ya kutanguliza. Alijaribu kufunga mlango wa friji, ukarudi nyuma. Akajaribu tena, ukarudi.

Nilimshika mama mkono ili tupite. Aliutoa mkono wake. Akamwendea yule mwanamke, akainua mlango kidogo kwa kiganja, akausukuma kwa goti, ukafunga.

"Uinyanyue kwanza," akamwambia. "Iko hivyo tangu mwanzo. Na courant ikienda, ifunike na mablanketi, mutu asifungue. Na usikose miezi mbili, mwanangu. Umesikia? Hata kama ni kilio, usikose."

Yule mwanamke alitabasamu, akamshukuru kwa adabu. "Aksanti, mama. Weye unatumika kazi hapa ku duka?"

Mama aliangalia ile friji.

"Hapana," akasema. "Napita tu."

Akachukua kikapu chake, tukaenda kununua mboga.