Mahindi ya Mama Yalipogeuka Manjano

Konde alilokuwa akilima mama halikuwa letu. Lilikuwa la mzee mmoja wa Kiarabu mwenye mikarafuu ng'ambo ya njia, na kwa desturi ya kwetu Pemba mwenye ardhi humwachia mtu apande mazao ya msimu, ila asitie mti. Mwaka ule mzee alimwambia mama mbele ya watu, "Bi mdogo, miaka miwili hii konde halikutoa kitu. Likishindwa na sasa, n'tampa mwengine." Mama alijibu "Inshallah" tu. Miye nilikuwa Unguja shuleni. Niliporudi likizo ndefu ya masika nilikuta maneno hayo yanazungumzwa kila jikoni, na mahindi yameshafika magotini, yana rangi ya mgonjwa.

Mama aliyaonea uchungu kwa sababu safari hii alitia mbolea. Alipata gunia la salfeti, ile yenye chembe kama chumvi, na Bwana Shamba alimwambia atie nusu wakati wa kupanda na nusu mahindi yakifika magotini. Sasa, mama hulima kwa kikoa: wanawake wa mtaani hulima konde la mmoja leo, kesho la mwengine, na ukishapata siku yako huwaiti tena mpaka uwe umemlipa kila mmoja kwa jembe lako. Siku ya mama ilikuwa moja. Akaona ni upuuzi kuacha mbolea ndani na mikono ishirini iko kondeni, akatia yote. Gunia halikufika misitari ya juu. Huko akatia mbolea nyengine, urea, vipunje vyeupe vya mviringo alivyoletewa na mjomba kutoka Mombasa. Mbolea ni mbolea, alisema. Siku chache baadaye ikaja mvua, ikanyesha wiki nzima kama iliyoapa.

Watu wakasema ni jicho. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ana mpunga bondeni chini ya konde la mama, na alipita siku moja akasema, "Wifi, mahindi yako yamenawiri," bila kutaja Mungu. Ilitosha. Mama akaacha kumwamkia. Akachukua urea iliyobaki, mvua ilipopoa, akaitia juu na chini. Hapakubadilika kitu, wala juu wala chini.

Miye sisemi mbele ya watu. Hata darasani nikijua jibu huinama mpaka aulizwe mwengine. Kwa hivyo asubuhi nilikuwa nakwenda kondeni kabla ya wengine, natembea misitarini peke yangu, na ndipo nilipoona kwamba manjano yale hayakuwa mamoja. Konde limelala kwenye mteremko. Katikati, penye udongo mwekundu, majani ya chini kabisa ndiyo yaliyougua: manjano yalianzia ncha ya jani yakaingia ndani kufuata uti wa kati, kama ncha ya mkuki, na majani ya juu yalikuwa na uhai. Juu, penye mchanga mweupe, ilikuwa kinyume. Majani ya chini yalikuwa na kijani na yale machanga ya kileleni ndiyo yaliyopauka, yana michirizi michirizi. Chini, kando ya bonde, mmea mzima ulikuwa umepauka na umedumaa, na nyayo zangu zikijaa maji.

Niliyaandika hayo kwenye shajara yangu, halafu nikakaa kimya. Nasema kweli, niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa konde kupotea.

Bwana Shamba alikuja kwa baiskeli siku ya Jumatatu. Mama alimpokea kwa shutuma.

"Shikamoo hata sikupi. Umeniambia nitie mbolea, nimetia. Haya, tazama!"

"Marahaba hiyo hiyo, Bi. Umetia nusu?"

"Nimetia yote. Kikoa nitakiita mara mbili, miye sultani?"

Bwana Shamba hakucheka. Alikwenda katikati, akakunja jani la chini akalitazama. "Mvua imekuibia. Chakula hiki cha mbolea huyeyuka, maji yakishuka nacho kinashuka, mizizi haikifikii. Mmea ukikosa, huvua majani ya zamani ukavisha machanga. Ndiyo maana ya chini yanakufa."

Kisha akateremka kule kwenye maji, akang'oa mhindi mmoja, akaunusa mizizi, akampa mama. Ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama chungu kilichosahauliwa. "Huu mizizi yake haivuti pumzi. Ukimwaga gunia zima hapa unalisha maiti. Kwanza maji yatoke."

Shangazi alikuwa amesimama bondeni, mpunga mpaka kiunoni. "Mwambie sawasawa, Bwana Shamba! Mwambie kama jicho langu linaozesha mizizi!"

"Jicho sijui," alijibu, "tuta lako ndilo ninalolijua. Mwaka huu umelinyanyua?"

"Nimelinyanyua. Mpunga wangu unywe nini, mate?"

Mama akalitazama tuta lile, maji yaliyozuiwa nalo yamerudi mpaka kwenye mahindi yake.

Bwana Shamba alikuwa anataka kuondoka. Huko juu hakwenda, alisema ni hayo hayo ya katikati. Hapo nilimvuta mama kanga, nikamnong'oneza, naye akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Mwanangu anasema juu ni majani machanga."

Bwana Shamba akapanda, akatazama. Akauliza pale palitiwa nini. Nilijibu nikitazama miguu yangu: urea, mara mbili, na ya pili mvua ilikuwa imekwisha, haikuchukuliwa na maji. Tena nikasema kwamba salfeti ina salfa ndani yake na urea haina.

"Salfa, ile ya viberiti?" akauliza mama. "Basi nitie njiti?"

"Si njiti, Bi. Anasema kweli. Salfa haihami kutoka jani la zamani kwenda jipya, basi ikikosekana, jipya ndilo linalopauka. Na mchanga huu hauna kitu cha kuishika. Lakini tusikisie. Una salfeti yoyote?"

Ilikuwepo iliyoganda pembeni mwa gunia. Tuliikung'uta, nikatia kwenye mashina ya msitari mmoja tu wa juu, jirani yake nikauacha. Wiki ya pili majani mapya ya msitari ule yalitoka kijani, na ya jirani yalibaki na michirizi. Bwana Shamba akatupatia nusu gunia. Tulitia juu na katikati, mama na miye, kidogo kidogo, bila kikoa. Chini tulichimba mfereji wa kupitisha maji kando ya tuta, shangazi akichimba upande wake na mama upande wake, hawasemezani.

Mfereji ulichelewa. Misitari ya chini ilikufa karibu yote.

Mzee mwenye konde alikuja na mkongojo wake kabla mahindi hayajakauka. Juu na katikati yalikuwa yamebeba, si sana, lakini yamebeba. Alitazama chini kwa muda mrefu zaidi.

"Hapa si pa mahindi," alisema. "Hapa tangu zamani panataka mpunga. Huku juu endelea, Bi mdogo. Hiki kipande cha chini mpe wifi yako."

Mama alisema, "Ahsante, Bwana," na njiani akalia kwa hasira. Alisema amelima kwa ajili ya mwengine. Miye niliona mzee amehukumu sawa, ila sikumwambia. Siku niliyopanda gari kwenda bandarini Mkoani kurudi shule Unguja, shangazi alikuwa tayari anavunja misitari yetu iliyokufa kwa jembe, na mama alipita pale na ndoo kichwani bila kumwamkia.