Roketi ya Baba

Baba alikuwa dereva wa trela mpaka kiharusi kilipomlemaza mkono wa kushoto, mwaka wa 2007. Januari iliyofuata Nakuru ikawa na kafyu, tukajifungia nyumbani Kiamunyi, yeye, mama na mimi, na gemu ya mbio za vigari niliyonunua mitumba. Baba alishika pad ya kuchezea kwa mkono mmoja mzima na mwingine wa kusingizia. Akaanza kunishinda.

Nilijua kwa nini. Ukitangulia sana, gemu inakupunguzia mwendo, na wa nyuma anaongezewa, ili pengo lisiwe kubwa. Hata masanduku ya barabarani yana upendeleo: aliye mbele huokota ganda la ndizi, aliye mwisho huokota roketi ya kumrusha mbele. Baba aligonga ukuta kila kona, akaachwa, akapata roketi, akanipita karibu na utepe wa kumalizia.

"Umeona hiyo kona? Mkono umerudi!"

Mama alinivuta jikoni. "Wachana naye afurahi."

Niliwachana naye mpaka Februari, aliposema Jumatatu anaenda kwa tajiri wake kuchukua funguo za trela. Nikawaza mteremko wa Sachangwan, mzigo mgongoni, na mkono ule. Ningeweza kumwambia kwa upole. Lakini nilikuwa nimechoka na baba kuniita dereva wa mkokoteni mbele ya majirani kila aliponishinda, na hasira ilikuwa imenifika hapa. Nikafungua mipangilio ya gemu, nikazima msaada wa wa nyuma, nikazima na masanduku.

"Twende raundi tatu, baba."

Kona ya kwanza akagonga ukuta. Ya pili pia. Pengo likakua na hakuna kilichokuja kulipunguza. Ningeweza kuachilia mafuta kidogo. Sikuachilia. Nilizunguka nikamkuta tena mbele yangu, nikampita mara ya pili, na nilisikia raha ambayo mpaka leo naionea aibu.

"Hii kitu imeharibika," alisema.

"Haijaharibika. Nimezima kitu ilikuwa inakusaidia, na zile roketi pia."

Alitaka turudie. Turudie tena. Mara ya tano aliinamia kidole gumba chake cha kushoto, akajaribu kubonyeza nacho, kikakataa.

"Mama yako alijua?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Aligeuka akarudi jikoni.

Jumatatu hakwenda kokote. Alikaa kwenye kochi akitazama televisheni iliyozimwa, na ugali wake ukapoa. Siku ya tatu moyo ulinishinda. Nikawasha kila kitu kama zamani, nikamwekea pad mapajani.

"Umewasha ule msaada?"

"Hapana, baba."

Tukaanza. Alikuwa nyuma, kama kawaida, akapita juu ya sanduku, na roketi ikatokea kwenye kioo cha televisheni, upande wake. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Akaweka pad sakafuni polepole, kwa mkono wake mzima, na hakuishika tena.