Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kutoka Salamabila akiwa amekaa nyuma ya pikipiki kama gunia, bega la kushoto limelegea, nywele zimegandamana kwa matope. Shimo walilokuwa wakichimba dhahabu lilikuwa limeanguka. Waliingia watano, wakatoka wawili. Yeye alikuwa mmoja wa hao wawili, na hakutaka kuliongelea.

Mimi ni kinyozi hapa Kasongo. Nimenyoa vichwa vingi kuliko nyota, na aliyesoma na mimi shule ya jioni atakuambia kwamba hata mwalimu wa hesabu nilimnyoa huku ananifundisha sehemu. Basi nilimkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha saluni, nikamwosha mara tatu, maji ya kwanza yakatoka mazito kama uji. Nikamnyoa chini, nikifuata nywele zinakolala.

Akajitazama kwenye kioo, akasema neno la kwanza refu tangu afike, akiniita yaya, kama sisi huku tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa.

"Yaya, nitarudi kule. Lakini si na kichwa hii. Vijana wote kule iko na mawimbi ya nywele, wananichekaka eti nywele yangu ni ya mbuzi, haiwezi kulala. Unitolee mawimbi kwanza. Ikitoka, naenda."

Mama alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote. Jioni alinivuta nyuma ya jiko, akanishika mkono kwa vidole vinavyonuka kitunguu.

"Umushike, asirudi kule," alisema. "Sijui utafanya je. Weye umushike tu."

Mawimbi si uchawi, ingawa mimi huwaambia wateja kwamba nilirithi siri yake kwa babu aliyezungumza na mamba. Nywele zetu zinajikunja. Ukizilaza kila siku upande uleule, mikunjo inalala pamoja, mistari inaonekana. Unatafuta utosini, pale nywele zinapozunguka, ndipo katikati. Kutoka hapo unapiga burashi kwenda nje: juu kwenda kwenye paji la uso, pembeni kushuka kuelekea masikio, nyuma kushuka shingoni. Maji kidogo, mafuta ya kugusa tu, burashi laini kwa sababu nywele bado fupi. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Halafu papo hapo unafunga kitambaa, kibane bila kuumiza, kisiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo wa kitambaa unaandika juu ya kichwa. Mtu analala nacho. Na mkasi unakaa mbali: wiki tano, sita, hata zaidi, nywele zinaachwa zikue.

Kitambaa kilikuwa fulari ya mama, ile ya kuteleza anayovaa kwenye harusi. Aliitoa mwenyewe kwenye sanduku.

Wiki ya kwanza nilifanya kazi ya kweli. Mdogo wangu alifumba macho chini ya burashi, na mara nyingine alilala hapo hapo kwenye kiti, mdomo wazi. Wateja walinong'ona. Mmoja alisema, "Huyu unamupiga burashi ama unamubembeleza?" Nikajibu kwamba bei ni ileile.

Wiki ya pili niliona nywele zimeanza kutii. Usingizi ukanikimbia. Nilihesabu: mwezi mmoja zaidi, kichwa kiko tayari, pikipiki inanguruma nje, na shimo linamsubiri kule.

Upande mmoja ukikataa, kichwa kizima hakiko tayari; basi asubuhi iliyofuata nilipiga burashi upande wa kushoto nikielekea sikioni. Jioni nikaupiga kuelekea kisogoni. Kesho yake nikaelekea paji la uso. Kwa mtu anayetazama, mkono unakwenda, burashi inalia, kazi inafanyika. Lakini nywele inayoambiwa leo huku kesho kule hailali popote. Na fulari, upande ule nilikuwa nikiifunga legelege, asubuhi ilikuwa imesogea hadi kwenye nyusi. Wiki ya tatu nikamwambia ninasawazisha kidogo. Mashine ikapita, nikakata karibu yote tuliyokuza.

"Sasa iko je?" aliuliza.

"Nywele yako ni ngumu, mudogo wangu. Ni nywele ya serikali, haisikii mutu."

Alicheka. Mama naye alicheka, kule jikoni. Nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyefunga mto uliofurika kwa kamba.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni mkono wake wa kulia. Ule ulikuwa mzima. Akikaa bila kazi barazani, alikuwa akichukua burashi na kupiga pale mkono unapofika bila kujitaabisha, juu ya sikio la kulia. Alinitazama nikifanya siku za kwanza, akakumbuka: kushuka kuelekea sikioni, kila mara. Akimaliza, anabana fulari upande huo kwa kiganja, anakaa hivyo saa nzima. Juu na kushoto aliniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Wiki tano baada ya ule mkato, alikuja saluni mapema, kabla ya wateja. Alivua fulari, akachukua kioo cha mkono, akageuka mbele ya kile kikubwa cha ukutani. Upande wa kulia kulikuwa na mistari minne imeshuka vizuri, inang'aa, kama shamba lililopigwa matuta. Upande wa kushoto palikuwa uwanja wa mpira.

Alipitisha kidole upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Yaya. Upande wangu inatoka. Upande yako haitoke."

"Pengine mto wa kulalia..."

"Kichwa ni moja. Nywele ni moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unanyoa tangu niko mutoto. Weye unajua kufanya. Ndiyo inaniumiza."

Nilimwambia basi. Nilimwambia mama aliniomba nini, na kwamba nilifikiri kidogo kidogo atasahau. Nikachukua burashi, nikamwambia akae, nitaanza upya, sasa hivi, kwa haki.

Alisogeza kichwa. Hakutaka niguse.

"Ujue kitu," alisema. "Siku ile nimeona hii mistari, nilijiuliza: kichwa ya namna hii, mutu anaingiza mu shimo? Matope, jasho, siku moja imeharibika yote. Nilianza kufikiri nibaki. Nilikuwa nakuja kukuambia ivyo."

Akachukua burashi, ile laini, akaiweka mfukoni. Fulari aliikunja, akaiweka juu ya kiti.

Aliondoka kesho yake na pikipiki ya barabara ya Kabambare, iendayo machimboni, kichwa wazi, upande mmoja mawimbi, upande mmoja hakuna kitu. Mama alisimama na chakula alichokifunga kwenye majani. Mdogo wangu hakukichukua.

Amepiga simu mara moja tu. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema shimo jipya ni refu kuliko lile, na bega linapona. Nikamuuliza kichwa. Akasema amenyoa yote, kule hakuna nafasi ya mambo hayo. Nikasema, "Rudi, nitafanya," na sijui kama alisikia.

Tangu hapo namba yake haiiti. Kila asubuhi, kabla sijafungua saluni, mama ananiuliza kama amepiga. Ninamjibu kwamba mtandao wa Salamabila ni mbaya, mbaya kuliko yote duniani. Anaitikia kwa kichwa, halafu anabaki amesimama pale pale, ananitazama mikono.