Imeili Tamu ya Mama

Nilifuta siku ya mwisho. Nianze na hilo, maana mengine yote yalitoka hapo. Mama alinipa imeili nimtolee ukali, nikautoa ukali na tarehe nayo nikaitoa, halafu nikacheka peke yangu sebuleni kama chizi.

Mama alikuwa anasimamia mradi mdogo wa chanjo ya kuku wa kienyeji. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja hapa Kilosa mjini, na watu wake wa fildi walikuwa watatu: kaka mmoja Msowero, dada mmoja Mikumi, na mzee mmoja kule Vidunda mlimani. Kila mmoja alitakiwa kuleta ripoti ya vijiji vyake, Mama aziunganishe, kisha azitume makao makuu Morogoro. Robo iliyopita walichelewa. Robo hii makao makuu walimwambia wazi kwamba wanapanga awamu ijayo, na wilaya ambayo ripoti yake haitakamilika kufikia Ijumaa mchana haitaingia. Kwa hiyo kazi ya Mama, na ya wale watatu, ilikuwa inaning'inia kwenye hizo ripoti.

Sasa, Mama yangu akikasirika anaandika kama anavyofokea mbuzi aliyeingia jikoni. Robo iliyopita aliwaandikia watu wake imeili mpaka dada wa Mikumi akazima simu siku nzima, na bosi wa Morogoro akampigia Mama kumwonya kuhusu lugha. Ndiyo maana Jumatatu ile, nikiwa likizo na nimejilaza kwenye kochi, akanisogezea kompyuta.

"Wewe si unajifanya bingwa wa insha? Soma hii. Nitolee ukali. Nina hasira, nikiigusa mwenyewe nitaongeza."

Nikasoma. Ilianza hivi: "Nimechoka na uzembe wenu. Sijui mnadhani mshahara unaokotwa barabarani. Ripoti ziwe kwangu Alhamisi saa sita mchana, na asiyeleta ajitafutie kazi nyingine."

"Mama, hii si imeili, hii ni bakora."

"Ndiyo maana nimekuita. Tarehe usiiguse."

Alisema hivyo, nilimsikia vizuri. Kisha bodaboda ikapiga honi nje, alikuwa anawahi kikao halmashauri, akasema, "Ukimaliza tuma tu, nakuamini." Mtu kama mimi hatakiwi kuambiwa maneno hayo.

Nikaanza kufanya masihara. Nikaandika, "Wapendwa wangu, poleni sana na jua, matope na majukumu. Nawawaza kila niamkapo." Nikajisikia mtamu. Nilipofika kwenye ile Alhamisi saa sita, nikaona inaharibu utamu wote, imekaa kama mgeni aliyekuja harusini na deni. Nikaifuta. Nikaweka, "Ripoti zetu mtaniletea kadiri Mungu atakavyotujalia, wiki hii ikiwapendeza. Msijichoshe." Nikabonyeza kutuma. Majibu yakaanza kuingia jioni ileile: maua, mioyo, mikono iliyoshikana. Mzee wa Vidunda, ambaye hupata mtandao akishuka bondeni tu, aliandika, "Asante sana kiongozi. Umetutia nguvu. Napanda mlimani kwa amani."

Mama akaona yale maua akashangaa. "Kumbe hawa watu wanataka kubembelezwa tu," akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Hakuisoma imeili yenyewe. Mimi nikanyamaza, nikijua nitamwambia baadaye, ikishakuwa kichekesho.

Alhamisi akanichukua twende Mikumi, nimsaidie kubeba boksi la barafu la chanjo. Asubuhi yote njiani alikuwa ananionyesha nyani pembezoni mwa barabara na kusema yule mwenye makalio mekundu anafanana na mimi nikiamka. Alikuwa na furaha. Aliamini saa sita ikifika atakuwa na ripoti zote kwenye simu.

Dada wa Mikumi alitupokea kwenye kibanda chake karibu na barabara kuu, malori yanapita mpaka vikombe vinatetemeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipe ripoti yangu."

Dada akacheka. "Mama nawe! Si umesema tusijichoshe? Mimi nimepanga Jumapili, nikitoka kanisani, nitulie niandike vizuri."

"Nani kasema msijichoshe?"

"Wewe mama. Mimi ile imeili nimemsomea hadi mume wangu. Nimemwambia, ona bosi alivyobadilika." Akatoa simu, akaisoma yote kwa sauti, kwa furaha, mpaka kwenye "nawawaza kila niamkapo".

Mama hakunitazama. Ningependa angenitazama. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa taratibu, kisha akamwambia dada, "Ni kweli. Haikutaja siku. Samahani mwanangu." Dada akabaki ameshika simu, hajui kilichotokea.

Mchana tukaenda kwenye mgahawa mmoja hapo hapo Mikumi, Mama akafungua kompyuta kati ya sahani ya wali na chupa ya pilipili. Nilidhani atanichapa kwa mwiko wa mama wa chakula aliyekuwa anatupakulia.

"Andika," akasema.

"Mama, samahani. Nilikuwa natania."

"Nimesikia. Andika. Muda wa kukulilia sina."

Nikauliza, "Niwaambie ni mimi niliyeandika ile ya kwanza?"

"Jina lililokwenda ni la nani?"

"Lako."

"Basi ni yangu. Siwezi kuwadai siku ambayo sikuwapa. Anza na hapo."

Tukaandika pamoja, na hapo ndipo nilipomwona Mama akifanya kazi kwa mara ya kwanza. Kila sentensi ya hasira iliyomtoka alinisimamisha kabla sijaiandika na kujiuliza kwa sauti, "Akisoma hii atajua afanye nini?" Kama jibu ni hapana, inatupwa. "Uzembe" ikatupwa, maana mtu akiitwa mzembe anaanza kujitetea badala ya kuandika ripoti. "Ajitafutie kazi nyingine" ikatupwa. Mimi nikajaribu kuchomeka "ikiwapendeza", kwa mazoea tu, akanipiga kofi la kisogo. "Hiyo ndiyo iliyotuua. Upole uweke kwenye salamu. Kwenye saa usiweke kitu."

Ikatoka hivi:

"Habari za kazi. Imeili yangu ya Jumatatu haikutaja siku ya mwisho. Hilo ni kosa langu, naomba radhi. Ripoti za robo hii zinahitajika kwangu kesho Ijumaa saa nne asubuhi. Saa sita mchana nazituma Morogoro, na baada ya hapo hawapokei. Awamu ijayo ya mradi inategemea ripoti hizo. Najua muda ni mfupi, kwa hiyo leteni takwimu za chanjo kwanza, maelezo yatafuata. Aliyekwama anipigie leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, aseme kilichobaki na msaada anaouhitaji. Eneo ambalo ripoti yake haitafika, nitatuma bila hilo eneo na nitaeleza hivyo. Robo iliyopita pia tulichelewa. Wiki ijayo nitakaa na kila mmoja tuone sababu. Asanteni."

Nikaisoma mara mbili. Haikuwa na tusi hata moja, lakini usingeweza kuisoma ukalala.

"Hii ni kali kuliko ile ya bakora," nikasema.

"Haina ukali. Ina saa."

Tukaituma. Dada wa Mikumi akaanza kuandika palepale kibandani, hakwenda hata kupika. Kaka wa Msowero akapiga kabla ya magharibi, akasema amekwama na kijiji kimoja cha wafugaji waliohama na kuku wao. Mama akamwambia aandike hivyo hivyo, wamehama, na asibuni. Imeili ilikuwa inafanya kazi. Kwa saa chache niliamini nimeokoka.

Mzee wa Vidunda hakupiga. Mama akampigia mpaka betri ikaisha, akaazima simu ya mama wa chakula, akaendelea. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Nikajua alipo. Alikuwa mlimani, anachanja kuku nyumba kwa nyumba, kwa amani niliyompa mimi.

"Tumtafute bodaboda apande," nikasema.

"Huko juu mvua imenyesha wiki nzima. Na nani anajua yuko kijiji gani?"

Ijumaa saa nne zilikuwepo mbili. Saa sita Mama akazituma, na chini akaandika kwamba Vidunda haijafika na kwamba maelekezo yake ya kwanza hayakuwa wazi. Nikamwomba asiandike hilo la pili. Akaliandika. Vidunda ndiko kulikokuwa na vijiji vingi kuliko kwingine kote.

Jumatatu iliyofuata mzee akatokea ofisini Kilosa, suruali imejaa matope hadi magotini, ripoti ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine. Mama akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nimekuletea. Nimemaliza vijiji vyote, hata vile vya juu kabisa. Uliposema tusijichoshe nikaona nitulie, nifanye kazi iliyonyooka."

Nilitamani Mama amfokee. Kweli. Robo iliyopita sauti yake ingesikika hadi barabarani. Badala yake akaifungua ile mifuko miwili, akasoma kila ukurasa mbele yake, akamwambia, "Mzee, hii ni ripoti nzuri. Imefika baada ya siku ya mwisho, na sababu ni mimi, sikukwambia siku. Nitaituma leo. Sijui kama wataipokea." Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa habari za mgonjwa. Mimi nilijifanya napanga chupa za chanjo zilizokuwa zimepangwa tayari.

Jibu la bosi wa Morogoro likaja siku chache baadaye. Mama akaniita nilisome kwa sauti, miwani yake hakuiona, au alisema hakuiona.

"Habari za kazi. Tunakushukuru kwa juhudi zako, na kwa ukweli wako kuhusu yaliyotokea. Awamu ijayo imekwisha kupangwa, na wilaya yako haimo. Tunajua habari hii ni nzito kwako na kwa wenzako. Tafadhali kabidhi friji ya chanjo, kompyuta na funguo za ofisi mwisho wa mwezi, Ijumaa saa tisa alasiri. Ukikwama, nipigie kabla ya Jumatano. Asante."

Nikamaliza. Nikatafuta kichekesho mahali pote kichwani, sikukipata hata kimoja. Mama akachukua kompyuta, akailaza mapajani, akaisoma tena mwenyewe, bila miwani.

"Ameandika vizuri," akasema. "Hajanitukana, na saa ya kuondoka naijua."