Saini Yangu Haikuingia

Mama alishaitangaza ajira yangu Namanyere nzima, huko anakoishi, kabla sijausoma mkataba. Mwalimu mstaafu yule, kwake mtu asiye na ofisi yupo yupo tu. Miaka minne nilikuwa nikisanifu lebo za mifuko ya sembe na kadi za harusi katika chumba changu cha kupanga hapa Majengo, naye akawa anawaambia watu kwamba bado natafuta kazi. Iliniuma sana.

Kampuni ya uchapaji ya mjini iliponiita, nilifurahi. Sitajifanya jasiri. Nilitaka likizo, nilitaka mfuko wa hifadhi ya jamii, na siku nikiugua, nilale bila kumpigia mteja kumwomba radhi.

Meneja alinipa kurasa nne na kalamu. Huku kwetu unasaini kila ukurasa pembeni, na wengi husaini huku wakipiga soga. Mimi nikasoma. Ukurasa wa kwanza uliniita mtoa huduma anayejitegemea: likizo hakuna, michango ya mfuko hakuna, kodi nijilipie. Ukurasa wa tatu ulinitaka ofisini saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, nisichukue mteja mwingine, na kila nitakachosanifu, hata nyumbani, kiwe chao.

Nikaiweka kalamu chini.

"Bosi," nikasema, "chagua moja. Futa ukurasa wa tatu, nikufanyie kazi kwa kujitegemea huku nikihudumia wateja wangu. Au futa wa kwanza, uniajiri kama watu wanavyoajiriwa, nami saa mbili kamili utanikuta mlangoni."

Akacheka. "Dada, hapa wote wameanza hivyo. Vijana wamejaa mjini wanaitaka hiyo nafasi."

"Nami naitaka. Ndiyo maana nauliza."

"Mkataba wa kampuni haurekebishwi na mfanyakazi."

"Kumbe mimi ni mfanyakazi?"

Akazivuta zile karatasi, akazipanga vizuri, akasema nikibadili mawazo nirudi. Nikamwambia mawazo ninayo haya haya.

Sikwenda nyumbani. Nilipita kwa mama mmoja mwenye duka la nafaka, ambaye lebo yake nilikuwa nimeiweka kiporo kwa ajili ya ile ajira. Nikamwambia ataipata Alhamisi, ila safari hii tuandikishane: marekebisho mara mbili tu, na mchoro wa asili unabaki kwangu. Akanikazia macho. "Umekuwa mkali wewe." Kisha akasaini.

Jioni mama yangu akapiga simu. Nikamweleza yote, ukurasa kwa ukurasa.

"Sasa watu wakiniuliza unafanya kazi wapi, niwaambie nini?"

"Waambie kwangu, mama. Na usishushe sauti."