Theluthi Mbili za Simu

Wazazi walimwita Mwalimu Sehemu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kuelewa hesabu za sehemu. Alifundisha nyumba kwa nyumba, akilipwa taslimu mlangoni. Kila mzazi alikatiwa risiti, na nakala ikabaki kitabuni. Alikuwa akitafuta chumba cha kupanga, ili watoto wamfuate yeye badala ya yeye kuwakimbilia. Chumba alishakiona, ila ofisi ya kodi ikamwita kabla hajakipata: gharama za kazi alizodai zitolewe kwenye mapato zilitiliwa shaka. Zikikataliwa zote, kodi ya nyongeza na faini zingemeza akiba ya chumba.

"Ulijitakia mwenyewe," wifi yake alimcheka. "Fedha ya mkononi nani anaiona? Ungeandika nusu, ukalala usingizi."

"Mimi nalala usingizi, wifi. Wewe ndiye unayekesha kwa ajili yangu."

Akaenda na kitabu cha risiti, daftari la vipindi na bahasha ya stakabadhi. Ofisa, baba wa makamo asiye na haraka, alilinganisha tarehe za vipindi na risiti za wazazi. Zikakubaliana. Akahamia kwenye gharama: vitabu, chaki, nauli kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine.

"Simu umedai theluthi mbili tu. Kwa nini?"

"Theluthi inayobaki ni ya mama yangu, mzee. Akinipigia, hajui kufupisha."

Ofisa alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha kalamu yake ikasimama. "Na viatu?"

"Natembea kutwa kwa ajili ya kazi. Soli zinaisha."

"Ungetembea peku siku za mapumziko? Viatu vya kawaida ni matumizi yako binafsi, Mwalimu. Haviingii."

Mwalimu Sehemu alimtazama akifunua kurasa zilizobaki, akikiona chumba kikimponyoka. Alikasirika pia, maana alivipenda viatu vile na hoja yake aliiona safi kabisa. Lakini ofisa hakukata kitu kingine. Kodi iliyoongezeka kwa ajili ya viatu haikufika hata bei ya kisigino. Mwalimu akailipa palepale, akapewa ritani, yaani taarifa yake ya mapato na kodi, iliyorekebishwa na yenye muhuri.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mama mmoja mkavu asiyependa porojo.

"Walimu wa mitaani wamenitoroka na kodi zangu," mama huyo alisema. "Unalipwa mkononi. Nitajuaje kama unaweza kulipa kila mwezi?"

Mwalimu Sehemu alimwekea ritani mezani. Mama alisoma mapato ya mwaka mzima taratibu, akafika kwenye muhuri, akaurudia. Mapato hayo yangeandikwa nusu, kama alivyotaka wifi, chumba kingeonekana kumshinda bei.

"Hata wenye mishahara hawaniletei karatasi kama hii," alisema, akamsogezea ufunguo.